Video ya mnada na video ya salfa: ipi ilileta sabskraiba

Asalaam aleykum na habari za mchana ndugu zangu, shikamooni wazee mliokuja, na nyie vijana wa Mikindani, wa Shangani na mliotoka mbali huko Tandahimba na Newala karibuni sana, najua nauli siku hizi siyo mchezo. Nimeombwa niongee kuhusu chaneli za Yutubu na nikaambiwa niongee chochote, lakini mimi nimechagua kitu kimoja tu, ile ripoti inayokuonyesha sabskraiba wako wametokea wapi na video gani ndiyo iliyowaleta, maana hii ripoti mwaka juzi ilikaribia kunifanya niache video nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na kosa halikuwa la ripoti, nilikuwa naisoma vibaya.

Wengi mnaijua chaneli yangu, nazungumzia korosho, shamba na msimu, na katikati naweka mapishi ya huku kwetu. Sasa twendeni novemba ya mwaka huo. Mnada umechangamka, kila mtu anataka kujua bei ya korosho ghafi imefika ngapi, mimi nikaenda kwenye mnada nikarekodi, nikaeleza bei ya chini na ya juu siku ile, nikaeleza mkulima anapata lini hela yake kupitia chama cha msingi, nikapandisha usiku uleule. Ile video ikaenda. Watu wakaitupia kwenye magrupu ya Watsapu, wiki ya kwanza tu nikawa naangalia namba kila baada ya saa moja.

Basi nikafungua takwimu zangu kwenye simu nikaona video ya mnada ina sabskraiba 42 wa kujumlisha, na chini kabisa huko nikaona video yangu ya kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ina 2. Wawili! Ile video ya salfa niliihangaikia siku tatu shambani, naamka saa kumi usiku ili niwahi kurekodi kabla umande haujakauka na upepo haujaanza, kwa sababu unga wa salfa unataka umande ndiyo ushike kwenye maua, na imeleta watu wawili. Nikamwambia mdogo wangu anayenishikia kamera, mwaka kesho hatupulizi tena, tunafuata minada tu, Mtwara, Masasi, Nachingwea mpaka Ruangwa.

Hapo ndipo pana makosa matatu kwa mpigo na nitayaeleza moja moja, maana nimeshaona chaneli nyingi za hapa Kusini zinafanya yaleyale.

La kwanza ni muda. Ukifungua Analytics yenyewe inakuonyesha siku 28 zilizopita, hujaiambia, imechagua yenyewe. Sasa siku 28 za novemba kwa chaneli ya korosho ni siku za mnada. Mkulima gani wa Newala novemba anatafuta namna ya kupuliza salfa? Mikorosho inatoa maua kuanzia juni, julai, ugonjwa wa ubwiri unga unaingia hapo, ndiyo watu wanahangaika na dawa na bomba la mota, ikifika novemba mtu ameshavuna anataka hela. Kwa hiyo nilikuwa nailinganisha video iliyo kwenye msimu wake na video ambayo msimu wake umekwisha miezi mitatu iliyopita, ni kama kumpima mvuvi kwa siku za kusi halafu useme hajui kuvua.

La pili ni ile namba yenyewe. Ile 42 siyo watu waliojiunga. Safu inayoandikwa Subscribers ni waliojiunga ukitoa waliojiondoa, yaani imeshatolewa tayari, na wewe huoni kilichotolewa. Nilikuja kugundua baadaye kwamba katika hizo siku 28 waliojiunga kupitia video ya mnada walikuwa 64 na waliojiondoa wakiwa kwenye video hiyohiyo walikuwa 22. Ukiona 42 peke yake unafikiri watu 42 wamekaa wametulia, kumbe mlango unaingiza na kutoa.

La tatu nitalifikia, tufungue kwanza yenyewe.

Kwenye simu, ile app ya Studio inakupa kidogo tu, hii kazi inataka kompyuta. Kama huna, azima laptopu ya mtu nusu saa, au fungua Chrome kwenye simu uweke Desktop site, inasumbua sumbua maandishi yanakuwa madogo lakini inawezekana. Andika studio.youtube.com, ingia na akaunti ya chaneli, upande wa kushoto bonyeza Analytics, halafu juu kulia kuna Advanced mode, bonyeza hapo. Inafunguka meza kubwa ina video zako zote, kila video mstari wake na grafu juu. Kwenye kona kuna tarehe, usiziache siku 28, chagua Custom uweke mwaka mzima, mimi niliweka tarehe 1 januari mpaka 31 desemba. Halafu pembeni ya vichwa vya safu kuna alama ya kujumlisha, bonyeza, tafuta Subscribers gained uiongeze, rudia tena uongeze Subscribers lost. Sasa una safu mbili, walioingia na waliotoka, zimetenganishwa. Ukibonyeza kichwa cha Subscribers gained video zinajipanga zenyewe, iliyoleta wengi inakaa juu.

Nilipofanya hivyo nilikaa kimya muda mrefu, mdogo wangu akaniuliza dada vipi, bando limeisha?

Video ya mnada mwaka mzima ilitazamwa mara 41,000. Waliojiunga 96. Waliojiondoa 71. Unaona ilivyokuwa, ile desemba mnada ulipoisha watu wakaondoka mmoja mmoja, walikuja kwa bei, bei imeisha. Siwalaumu, hata mimi ningeondoka. Mwisho wa mwaka video iliyotazamwa mara elfu arobaini na moja imeniachia watu 25.

Video ya salfa ilitazamwa mara 6,200. Waliojiunga 248. Waliojiondoa 9.

Naomba mzishike hizo namba maana watu wengi wakifika hapa wanasema basi salfa ndiyo mshindi wanafunga laptopu. Subirini. Namba ya jumla peke yake haitoshi kwa sababu video zinatazamwa tofauti, inabidi ugawe. Mimi natumia hesabu hii, waliojiunga ugawe kwa mara ilizotazamwa halafu uzidishe kwa elfu moja, unapata katika kila mara elfu moja ya kutazamwa wamejiunga wangapi. Salfa ni 248 kugawa 6,200, inakuja 40 kwa kila elfu. Mnada ni 96 kugawa 41,000, inakuja kama 2 na kidogo kwa kila elfu. Sasa hapo ndiyo unaona tofauti yenyewe, siyo mara mbili, siyo mara tatu, ni zaidi ya mara kumi na tano. Kama una video nyingi usihesabu kwa kalamu, juu kulia pale pale kuna kimshale cha kushusha, unaitoa meza yote kwenye Google Sheets, halafu ukiwa umeweka waliojiunga kwenye safu ya C na kutazamwa kwenye safu ya B unaandika hivi mstari wa pili na unaburuta mpaka chini:

```
=C2/B2*1000
```

Tahadhari moja, video iliyotazamwa mara 60 ikaleta watu 4 itakupa namba kubwa ya ajabu, hiyo ni shangazi na marafiki zako, mimi kwa chaneli yangu chini ya mara 500 siihesabu kabisa, naiacha ikue.

Sasa kosa la tatu, na hili ndilo lililonifundisha zaidi, nimeliweka kwa ajili ya wenzangu wa mapishi mliokaa kule nyuma. Nina video ya ming'oko. Bibi yangu anaichimba porini, anaiosha, anaipika, tunakula na chumvi na pilipili, video ya dakika tisa hakuna mbwembwe yoyote. Ilitazamwa mara 3,900, wakajiunga 31, yaani kama 8 kwa kila elfu. Ukilinganisha na salfa 40 unasema mapishi hayalipi, acha mapishi, na mimi nilishaandika kwenye daftari langu hivyo, kupunguza mapishi.

Lakini jamani, mtu aliyeshajiunga hawezi kujiunga mara ya pili. Ndiyo hivyo tu. Kama video inatazamwa na watu wako wa siku zote, haiwezi kuleta sabskraiba wengi hata ingekuwa nzuri vipi, kwa sababu wengi wa waliokaa mbele ya kioo tayari wamo ndani. Kwa hiyo kugawa kwa mara zote ilizotazamwa ni kuionea. Kwenye ile ile Advanced mode, bonyeza jina la video ili ubaki nayo peke yake, halafu kwenye orodha ya juu tafuta Subscription status, kama huioni iko ndani ya More. Inakugawia mara ilizotazamwa na waliojiunga na mara ilizotazamwa na ambao hawajajiunga, na inahesabu vile mtu alivyokuwa saa ile anatazama, yaani mtu mmoja akitazama video ya asubuhi hajajiunga, akajiunga, mchana akatazama nyingine, ile ya kwanza inakaa upande wa wasiojiunga na ya pili upande wa waliojiunga.

Nikaifungulia ming'oko. Katika zile 3,900, mara 2,700 zilikuwa za watu wangu wa siku zote. Wageni ni 1,200 tu. Sasa gawa upya, 31 kwa 1,200, inakuja karibu 26 kwa kila elfu. Ishirini na sita! Kutoka nane. Nikafanya hivyohivyo kwa salfa, wageni walikuwa 5,600, ikawa 44, haikubadilika sana. Nikafanya kwa mnada, wageni 39,500, ikabaki kama ilivyokuwa, mbili na nukta. Kwa hiyo ming'oko siyo video dhaifu, ni video nzuri ambayo haijaonwa na wageni, shida yake ni kufika siyo kupendeka, na dawa ya kutofika ni nyingine kabisa, nilibadilisha jina na picha ya juu, sikuigusa video yenyewe. Ule mstari kwenye daftari nikaukata.

Kuna kaka mmoja kabla hatujaanza aliniuliza pale nje, mbona nikijumlisha sabskraiba wa video zote hazifiki idadi ya chaneli? Swali zuri sana. Mimi pia mwaka ule chaneli ilipata watu 611, lakini nikijumlisha video zote napata 452. Watu 159 wako wapi? Jibu ni kwamba kwenye mstari wa video wanahesabiwa wale tu waliobonyeza kujiunga wakiwa kwenye ukurasa wa video hiyo. Mtu akitazama video yako ya salfa mpaka mwisho, akaipenda, akabonyeza jina lako akaingia kwenye ukurasa wa chaneli, akaangalia una nini kingine, halafu ndiyo akajiunga huko, video ya salfa haipewi mtu huyo. Anaandikiwa ukurasa wa chaneli. Ndiyo maana kuna kitu kinaitwa Subscription source, kiko kwenye orodha ileile ya Advanced mode ulikopata Subscription status, ukiwa unaangalia chaneli nzima siyo video moja. Inakupangia, hawa wametokea kurasa za video, hawa ukurasa wa chaneli, hawa walikutafuta wakajiunga palepale kwenye matokeo ya kutafuta, na kadhalika. Kwangu mimi ilikuwa kurasa za video 452, ukurasa wa chaneli 118, kutafuta 29, na kwingineko 12, jumla ndiyo ile 611 imetimia.

Hao 118 wa ukurasa wa chaneli ripoti haikuambii ni video gani iliyowasukuma. Lakini unaweza kukisia kwa adabu. Ukiwa kwenye Subscription source weka alama kwenye ule mstari wa ukurasa wa chaneli, grafu ya juu inakuonyesha siku kwa siku, na kwangu ilikuwa bapa kama maji ya ghuba ya Mikindani kukiwa shwari, mtu mmoja, hakuna, mmoja, hakuna, halafu wiki ya pili ya julai ikapanda, siku moja watu saba, kesho yake tisa. Wiki hiyo nilikuwa nimeweka video moja tu, ya salfa. Novemba wakati video ya mnada inatazamwa maelfu kwa maelfu ule mstari haukutikisika. Siwezi kuapa kwamba wote ni wa salfa, lakini mkulima aliyeona mtu anajua kupuliza ana sababu ya kwenda kuangalia anajua nini kingine, na aliyetaka bei akishapata bei ameshamaliza shida yake.

Ripoti hii ina mipaka na ni vizuri mjue mapema msije mkapoteza usiku mzima kutafuta kisichokuwepo. Haikuambii ni dakika ya ngapi ya video mtu alibonyeza kujiunga, hilo halipo. Haikuambii majina ya wote, utaona wale tu waliokubali wenyewe ionekane hadharani wamejiunga wapi. Namba zake zinachelewa, kawaida siku mbili hivi, kwa hiyo usifungue kesho yake asubuhi ukaanza kulia. Na idadi kubwa inayoonekana kwenye chaneli, ukishapita elfu moja inafupishwa, kwa hiyo usiilinganishe na ripoti ukitegemea zikae sawasawa kila mtu. Pia utakuta wakati mwingine waliotoka wengi siku moja bila sababu, hizo mara nyingi ni akaunti zilizofungwa au za uongo ambazo Yutubu wenyewe wamezifagia, haihusiani na video uliyoweka jana. Namna ya kujua ni kuangalia Subscribers lost kwenye mistari ya video, kama chaneli imepoteza 40 na video zote pamoja zimepoteza 3, basi hakuna video iliyowakera.

Kwa sababu haiwezi kuniambia walibonyeza wakati gani, mimi nilienda kuwauliza. Nilisoma maoni chini ya video ya salfa yote, yalikuwa zaidi ya mia, na nikawajibu wachache nikiwauliza umejifunza nini hapa. Karibu wote walitaja kitu kimoja nisichokitegemea, pale ambapo mzee mwenye shamba anaweka mkono juu ya jani kabla hatujawasha bomba, anapapasa, anasema bado kuna maji, washa. Sekunde kumi na mbili hivi. Mimi wakati wa kukata video nilitaka kuiondoa kwa sababu hakuna mtu anayeongea vizuri pale na jogoo anawika. Mzee mmoja wa Liwale aliandika kwamba miaka yote alikuwa anapuliza saa tatu asubuhi jua limeshatoka na unga unaruka wote kwa jirani, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kupapasa jani.

Kwa hiyo mwaka uliofuata sikufuata minada yote. Nilienda mmoja, nikatengeneza video fupi ya bei kwa sababu watu wanaihitaji na ni haki yao wajue, lakini mwishoni badala ya kuwaambia jiungeni niliwaonyesha ile video ya salfa, nikawaambia bei hii itakusaidia mwakani kama maua yako hayakuliwa na ubwiri unga, tazama hapa. Na kuanzia mei nikaanza kurekodi vitu vya aina ya kupapasa jani, kupogoa, kupalilia kuzunguka mti, namna ya kuanika korosho usichanganye mbichi na kavu. Nilipofungua ripoti nikalinganisha juni hadi agosti ya mwaka ule na juni hadi agosti ya mwaka huo uliofuata, msimu kwa msimu, siyo siku 28 na siku 28. Video ya kupogoa ilikuwa na 33 kwa kila elfu ya wageni. Ya kuanika 29. Ya kupalilia ilikuwa 6, hiyo imeniangusha na bado sijajua kwa nini, nadhani nilirekodi palizi ambayo kila mkulima anaijua tangu utoto.

Wenye video fupi, zile za Shorts, neno moja tu kabla hatujafungua za kwenu. Msizichanganye na ndefu kwenye hesabu moja. Shorts mtu anapitisha kwa kidole, zinahesabiwa kutazamwa haraka mno, ukigawa unapata namba ndogo sana ukidhani zimefeli. Zichuje, angalia fupi kwa fupi na ndefu kwa ndefu.

Haya, laptopu iko hapa na intaneti ipo. Yule mama wa vitumbua wa Chuno ameniambia ana video 40 na hajawahi kuifungua hii ripoti hata siku moja. Mama karibu mbele, ingia na akaunti yako, tunaanza na tarehe, toa hizo siku 28 uweke kuanzia ramadhani iliyopita mpaka leo, maana vitumbua navyo vina msimu wake.